Lita 85 Ambazo Injini Haikuzichoma

Katika ofisi nyingi zenye jenereta, daftari la mafuta hufunguliwa kwa makini siku mbili tu: siku ya kuomba fedha za dizeli na siku mkaguzi anapofika. Siku nyingine zote mlinzi au fundi huandika tarehe, namba ya mita ya saa, lita zilizoongezwa, kisha anaweka sahihi na kulirudisha daftari msumarini. Namba zipo, zimejaa kurasa kwa kurasa. Kinachokosekana ni mtu wa kuchukua lita zilizotumika na kuzigawanya kwa saa ambazo injini imezunguka, halafu akauliza kama jibu lake linawezekana.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kujua kwamba jenereta imetumia lita 292 wiki hii hakukuambii kitu. Huenda umeme ulikatika mno, huenda haukukatika kabisa. Lakini injini ya dizeli ina tabia inayotabirika kuliko watu wengi wanavyodhani, na ukishaijua tabia ya mashine yako unaweza kukaa ofisini na kalamu ukatambua wiki ambayo namba za daftari haziwezi kuwa za kweli zote kwa pamoja.

Nitaieleza hesabu hiyo kwa mfano wa kituo cha afya cha wilayani. Namba zake nimezipanga mwenyewe ili ifuatike kwa urahisi, ila zimo ndani ya viwango vya mashine halisi, na kilichotokea katika mfano huu hutokea kila mahali ambapo mafuta hununuliwa na mtu mmoja, hupokewa na mwingine na huandikwa na wa tatu.

Mashine inakula kiasi gani

Jenereta ya kituo ni ya kVA 60. Kwenye kibati chake pembeni kumeandikwa pia kW 48, na hiyo ya pili ndiyo tunayoihitaji, kwa sababu ndiyo inayoeleza kazi halisi ambayo mashine inaweza kuifanya. Mzigo wa kituo ni mdogo kuliko huo: friji za chanjo, taa, maabara, pampu ya maji, kompyuta chache. Ukipima kwa siku kadhaa unapata wastani wa kW 13.

Injini hula mafuta kwa sababu mbili. Kwanza hula ili izunguke tu. Jenereta nyingi za dizeli za ukubwa huu katika nchi zetu huzunguka mara 1,500 kwa dakika muda wote, uwe umewasha taa moja au hospitali nzima, kwa kuwa mzunguko huo ndio unaotoa umeme wa hezi 50. Kuusukuma uzito huo wa chuma, pampu na feni kunagharimu mafuta hata kama hakuna anayetumia umeme. Pili, injini hula zaidi kwa kila kilowati inayotolewa. Wahandisi wana kanuni rahisi inayojumuisha sababu hizo mbili:

```
lita kwa saa = 0.08 × kW za kibati + 0.25 × kW zinazotumika
```

Ni kanuni ya makadirio. Mashine mpya na kubwa hufanya vizuri kuliko hivyo, na ndogo au chakavu hufanya vibaya kidogo. Hata hivyo kwa jenereta yetu inatoa picha inayotosha. Ikizunguka bila mzigo wowote itakula karibu lita 4 kwa saa. Kwa mzigo wa kW 13 itakula kama lita 7. Ikibebeshwa mzigo wake wote wa kW 48 itafika karibu lita 16.

Namba mbili kati ya hizo ziandikwe kwa wino mzito kwenye jalada la ndani la daftari: 4 na 16. Ya kwanza ni sakafu, ya pili ni dari. Daftari likionyesha lita 20 kwa saa, hakuna haja ya kubishana kuhusu mashine ya mionzi iliyowashwa au kiyoyozi kipya, kwa sababu injini hiyo haina njia ya kuzichoma lita 20. Ama mafuta yametoka bila kupita ndani ya injini, ama mtu amekosea kuandika lita au saa. Likionyesha lita 2 kwa saa, hilo nalo ni jambo la kuchunguzwa. Huenda mita ya saa ilikuwa ikihesabu injini ikiwa imezimwa, au kuna mafuta yaliyoingia tangini bila kuandikwa. Wakaguzi wengi hukimbilia namba kubwa na kuisahau ndogo, na hilo ni kosa, kwa sababu namba ndogo mara nyingi ndiyo inayofichua daftari lililopikwa.

Hapa niseme jambo kando. Tazama tena zile lita 7 za kila saa: zaidi ya nusu yake ni gharama ya kuzungusha mashine tu, kwa sababu kituo kina jenereta kubwa kuliko mahitaji yake. Mashine ya kVA 20 ikibeba mzigo uleule ingekula kama lita 5. Kwa saa 25 za wiki, tofauti hiyo ni lita 50, na zinakwenda kila wiki bila mtu yeyote kuiba. Si rahisi kila mara kuchagua mashine ndogo, maana pampu inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa sekunde chache na mashine ndogo inaweza kulemewa. Lakini anayenunua jenereta kwa kuangalia siku moja tu ya mzigo mkubwa atalipia uamuzi huo kwa miaka yote ya mashine hiyo.

Kupata kipimo chako mwenyewe

Kanuni ya makadirio inatoa sakafu na dari. Kipimo cha kila wiki kinapaswa kutoka kwenye mashine yenyewe, na njia ya kukipata haihitaji vifaa vya gharama.

Jaza tangi mpaka kwenye alama moja iliyochongwa au kupakwa rangi, alama isiyohama. Andika namba ya mita ya saa. Iache jenereta ifanye kazi yake ya kawaida kwa saa 5 au zaidi, fundi akipima mzigo kwa mita ya kubana kwenye waya. Kisha jaza tena mpaka alama ileile kwa dumu ambalo ujazo wake umehakikiwa. Lita ulizoongeza ndizo zilizochomwa. Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji kujua tangi lina ujazo gani wala umbo gani. Unachohitaji ni alama moja na dumu la kuaminika. Neno kuhakikiwa nimeliweka kwa makusudi. Madumu ya plastiki ya lita 20, yakijazwa mpaka shingoni, huingiza zaidi ya lita 20, na tofauti hiyo ikijirudia mara 15 inaweza kumtia mtu hatiani bure, au kumwokoa asiyestahili.

Kwa matumizi ya kila wiki, wengi hupima kwa fimbo. Tangi la kituo chetu lina umbo la sanduku, urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 kwa ndani, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 7.2. Tangi la pipa lililolazwa si hivyo: sentimita moja katikati ni mafuta mengi, na sentimita moja karibu na chini au juu ni machache. Mwenye tangi la namna hiyo atengeneze jedwali lake kwa kumimina lita 20 kwa 20 na kuandika kimo kila mara, la sivyo daftari lake litapiga kelele kila tangi linapofika katikati.

Sasa angalia jinsi fimbo inavyoweza kudanganya. Mtu akikosea nusu sentimita asubuhi ya Jumatatu na nusu sentimita Jumatatu inayofuata, kwa pande tofauti, kosa lote ni lita 7. Injini ikiwa imezunguka saa 2 tu, matumizi halali ni lita 14, na kosa hilo linayafanya yaonekane kuwa 21. Hiyo ni asilimia 50 juu ya kawaida, na hakuna aliyegusa tone. Injini ikiwa imezunguka saa 25, kosa lilelile la lita 7 linaongeza robo lita tu kwa kila saa, na hakuna atakayelitambua.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na taasisi zinazopiga hesabu ya kila siku na kumwita mlinzi kila asubuhi. Siku moja ina saa chache mno za injini kuweza kubeba hukumu. Hesabu ifanywe baada ya injini kukusanya angalau saa 20. Wiki isipofikisha, iunganishwe na inayofuata.

Anayetumia Excel anaweza kuliweka jambo lote kwenye safu nane. A ni tarehe, B mita ya saa, C lita zilizomo tangini, D lita zilizopokelewa tangu kipimo kilichopita. Zinazobaki hujihesabu zenyewe:

```
E3: =B3-B2
F3: =C2+D3-C3
G3: =F3/E3
H3: =IF(E3<20,"SUBIRI",IF(G3>1.25*$J$1,"KAGUA","SAWA"))
```

Kisanduku J1 kinabeba kiwango cha kawaida cha mashine hiyo. Nashauri kisiwe wastani. Chukua wiki kumi au kumi na mbili zilizopita, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchague ya katikati. Wastani huvutwa juu na wiki moja mbaya, na kiwango kikishavutwa juu, wiki mbaya zinazofuata huonekana za kawaida. Namba ya katikati haiyumbishwi kirahisi namna hiyo. Kwa kituo chetu namba hiyo ni lita 7.2 kwa saa, kwa hiyo daftari litaandika KAGUA kila wiki inapovuka lita 9.

Wiki tatu za kituo cha afya

Wiki ya kwanza mita ya saa ilitoka 1,412.3 ikafika 1,437.8. Injini ilizunguka saa 25.5. Tangi lilianza na lita 210, zikapokelewa 200, zikabaki 227. Zilizotumika ni 183, sawa na lita 7.2 kwa saa. Wiki ya pili injini ilizunguka saa 21.2 na kutumia lita 159, yaani 7.5 kwa saa. Zote mbili ni SAWA.

Wiki ya tatu mita ilifika 1,487.4 kutoka 1,459.0, saa 28.4. Tangi lilianza na lita 168, zikapokelewa 300 kwa mara mbili, zikabaki 176. Zilizotumika ni 292. Ukigawanya unapata lita 10.3 kwa saa, na safu ya mwisho ikaandika KAGUA. Kwa kiwango cha kawaida, saa 28.4 zingehitaji lita 204 au 205. Kuna lita 87 zisizo na maelezo.

Maelezo ya kwanza yatakayotolewa ni yale ambayo kila mganga mfawidhi ameyasikia: “Daktari, mashine imechoka, siku hizi inakunywa sana.” Yasikilizwe, kwa sababu injini iliyochakaa kweli hula zaidi. Chujio la hewa likiziba, mafuta hayapati hewa ya kutosha na moshi mweusi hutoka. Nozeli zikichakaa, mafuta humwagika ndani ya silinda badala ya kunyunyizwa, na moshi hutoka vilevile. Lakini uchakavu huja polepole, wiki kwa wiki, na huacha alama. Haupandi kutoka 7.5 hadi 10.3 ndani ya siku saba huku bomba la moshi likiwa safi.

Kuna hesabu nyingine inayosaidia hapa. Lita moja ya dizeli hubeba nishati ya takribani kilowati-saa 10. Lita 87 ni kilowati-saa 870. Kama ziliungua ndani ya injini katika saa 28.4, basi kila saa injini ilikuwa inatoa joto la ziada la kW 30 bila kutoa umeme zaidi. Joto la namna hiyo si rahisi kujificha: hewa ya rejeta au bomba la moshi lingekuwa moto kuliko kawaida. Fundi aulizwe tu kama aliona lolote kati ya hayo.

Maelezo ya pili ni mzigo. Labda walifunga kifaa kipya. Kanuni yetu inaweza kugeuzwa: ili injini ile lita 10.3 kwa saa, mzigo ungetakiwa uwe kW 26 hivi, mara mbili ya kawaida, kwa saa zote 28. Jenereta za siku hizi zina kisanduku cha kuongozea chenye kioo kidogo, na vingi vyake, kama vya Deep Sea, huonyesha pia kilowati-saa zilizozalishwa. Kituo kilikuwa kinaiandika namba hiyo pembeni. Wiki ya kwanza zilizalishwa kilowati-saa 332, na wiki ya tatu 369. Gawanya kwa saa za kila wiki, zote mbili zinatoa wastani wa kW 13. Mzigo haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba wiki ya kwanza kila lita ilizaa kilowati-saa 1.8, na ya tatu 1.26 tu.

Mahali ambapo kioo hicho hakipo, itabidi kuuliza watu: chumba cha upasuaji kilifanya kazi usiku ngapi, kitakasio cha vifaa kiliwashwa wapi, kuna mtu aliyechomelea vyuma uani? Ni kazi ndefu zaidi na majibu yake si imara, lakini mzigo ulioongezeka maradufu hukumbukwa.

Maelezo ya tatu ni mita ya saa. Waya wa mita ukichomoka, injini inazunguka na saa hazihesabiwi, na matumizi yanaonekana makubwa kwa sababu yanagawanywa kwa saa chache kuliko za kweli. Mita nyingine huhesabu kila ufunguo unapokuwa umewashwa hata injini isipozunguka, na hapo kosa linakwenda upande wa pili. Kituo kilikuwa na njia ya kuihakiki: mlinzi huandika saa ya kuwasha na ya kuzima kwa kutazama saa ya ukutani. Jumla yake ilikuwa saa 28 na dakika chache. Mita ilikuwa inasema kweli.

Yamebaki mafuta yenyewe. Kuvuja huonekana: sakafu ya kibanda huwa na doa, harufu hujaa, vumbi hunata kwenye mirija. Kuna uvujaji mmoja usioonekana, pale pampu ya mafuta au nozeli inapopitisha dizeli kwenye oili ya injini. Dalili yake ni kijiti cha oili kuonyesha kimo kinachopanda badala ya kushuka, na oili kunuka dizeli. Mashine ya namna hiyo izimwe siku hiyohiyo, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli hailindi vyuma. Lakini lita 87 haziwezi kuingia kwenye nafasi ya oili ya injini ya ukubwa huu bila kufurika.

Hapo ndipo wengi huacha uchunguzi na kumgeukia mlinzi wa usiku, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa karibu na tangi. Kabla ya kufika huko kuna namba moja kwenye hesabu ambayo hakuna aliyeigusa: zile lita 300 zilizopokelewa. Zimetoka wapi? Zimetoka kwenye risiti. Mhasibu alizichukua kwenye karatasi ya kituo cha mafuta, akaziingiza kwenye safu ya D kana kwamba zimepimwa tangini.

Mlinzi, kwa bahati njema, alikuwa amefundishwa kupima kimo kabla na baada ya kila shehena. Vipimo vyake vilikuwa kwenye daftari, kwenye safu ambayo haikuingizwa kwenye hesabu. Shehena ya lita 100 iliikuta fimbo kwenye sentimita 19 na kuiacha kwenye 33. Sentimita 14 ni lita 101. Sawa kabisa. Shehena ya lita 200 iliikuta fimbo kwenye sentimita 18 na kuiacha kwenye 34. Sentimita 16 ni lita 115.

Lita 200 za risiti, lita 115 za tangini. Tofauti ni 85.

Rudia hesabu ya wiki kwa mafuta yaliyoingia kweli. Lita 168 jumlisha 115 jumlisha 101, toa 176: zilizotumika ni 208. Gawanya kwa saa 28.4, unapata 7.3. Injini ilikuwa nzima, mzigo ulikuwa uleule, mita ilikuwa sahihi, na mlinzi ambaye angefukuzwa kazi Ijumaa ndiye aliyeandika ushahidi.

Mabadiliko ya joto hayawezi kueleza pengo hilo. Dizeli hutanuka ikipata joto, lakini kwa lita 200 tofauti ya nyuzijoto 10 ni kama lita moja na nusu au mbili. Pampu ya kituo cha mafuta kupunja nayo haielezi. Wakala wa Vipimo hukagua pampu hizo na kuzipiga lakiri, na hata pampu mbovu isingeficha karibu nusu ya mafuta mbele ya mteja. Lita 85 zilipotea kati ya pampu na tangi: hazikutiwa na risiti ikaandikwa nzima, au zilishushwa njiani. Daftari haliwezi kusema lipi kati ya hayo mawili. Linaweza kusema kwamba swali sasa linamhusu aliyekwenda kununua, na kwamba waliobaki kituoni wameondolewa kwenye shaka.

Wizi mdogo usiovuka mstari

Kengele ya asilimia 25 ina udhaifu wake, na anayejua kuiba huujua. Mtu akitoa lita 10 kila wiki kwa mpira kwenye bomba la kurudishia mafuta, matumizi ya saa 25 yatapanda kutoka 7.2 hadi 7.6. Safu ya mwisho itaandika SAWA mwaka mzima.

Dawa yake ni safu moja zaidi. Kila wiki chukua lita zilizotumika, toa lita zilizotarajiwa, kisha tofauti hiyo ijumlishe na tofauti za wiki zote zilizopita. Makosa ya fimbo hayana upande: wiki hii yanaongeza 5, wiki ijayo yanapunguza 4, na jumla hubaki ikielea karibu na sifuri. Wizi una upande mmoja. Baada ya wiki 12 jumla itakuwa imefika lita 120, na ukiichora itaonekana kama mstari unaopanda bila kupumzika. Mstari wa namna hiyo unaweza pia kuwa wa uvujaji mdogo au chujio linaloziba taratibu, kwa hiyo fundi aitwe kwanza, abadilishe chujio, akague mirija. Mstari ukiendelea kupanda kwa mwinamo uleule baada ya matengenezo, sababu haiko kwenye injini.

Jumla hiyo ianzishwe upya kila mzigo unapobadilika kihalali. Kituo kikifunga kiyoyozi cha maabara, namba ya kawaida ya 7.2 imekwisha muda wake na mashine inahitaji kupimwa tena kwa alama na dumu. Nimeona uadui mwingi ukizaliwa na namba ya zamani iliyoendelea kutumika baada ya jengo kuongezwa.

Wizi mwingine hufichwa kwa maji. Mtu hutoa lita 30 za dizeli na kumimina maji, fimbo inarudi palepale. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini ya tangi, na kuna dawa ya kupaka kwenye ncha ya fimbo inayobadilika rangi ikigusa maji. Kipimo hicho kifanyike kila mwezi hata pasipokuwa na shaka, kwa sababu maji yanayoingia kwenye nozeli huharibu vitu vya thamani kubwa kuliko dizeli iliyoibwa.

Kisha kuna daftari linalopendeza kupita kiasi. Lita 7.2 wiki hii, 7.2 wiki ijayo, 7.2 mwezi mzima. Mashine halisi haina utulivu huo. Vipimo vya kweli hutawanyika, 6.8 leo, 7.6 wiki ijayo. Namba zinazofanana hivyo huandikwa na mtu anayejua jibu linalotakiwa na anayeandika saa au lita kwa kurudi nyuma. Anayeongeza saa za uongo kwa kuacha ufunguo umewashwa hukamatwa na kilowati-saa: saa zinaongezeka, umeme uliozalishwa hauongezeki, na wastani wa mzigo unashuka kutoka kW 13 hadi 10 bila kifaa chochote kuzimwa. Hukamatwa pia na kumbukumbu za matengenezo, kwa kuwa oili ya injini nyingi za aina hii hubadilishwa kila saa 250, na fundi atajikuta akiitwa mapema huku oili ikiwa bado safi.

Baada ya wiki ile ya tatu, kituo chetu cha mfano kinahitaji kubadilisha mambo mawili tu. Safu ya D inajazwa kutokana na fimbo, kabla na baada ya shehena, na risiti inaandikwa kwenye safu yake pembeni ili namba hizo mbili zitazamane kila mara. Na wanaosaini shehena wawe wawili, yule aliyeleta mafuta na yule aliyeshika fimbo, wote wakiwa wamesimama kwenye tangi wakati kimo kinasomwa.